Sura ya Saba: Ukiongeza Moja, Unafika Wapi?

Kila mwaka, mara tu darasa linapofika kwenye pointa, swali hili huniangukia: "Mwalimu, nimeongeza 1, mbona anwani imeongezeka kwa 4?" Wiki haijaisha, mwingine huja na swali la upande wa pili: "Nimezidisha kwa 4 kama inavyotakiwa, mbona namba inayotoka siyo yenyewe?" Wote wawili wanauliza jambo moja. Mtu ameandika hesabu ndogo juu ya pointa, ana kipengele fulani kichwani mwake, na hajui kama hesabu hiyo itamfikisha kwenye kipengele hicho.

Sura hii inajibu swali hilo kwa safu moja tu, safu ya namba kamili, na tutakaa nayo mpaka mwisho.

## Vyumba kumi na viwili

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kumbukumbu ya kompyuta ni mstari mrefu wa visanduku vidogo vinavyoitwa baiti, na kila baiti ina namba yake inayoitwa anwani. Safu ni vipengele vya aina moja vilivyopangwa vikifuatana bila pengo kati yake. Pointa ni kigeu kinachohifadhi anwani. Namba kamili, ambayo C huiita `int`, huchukua baiti 4 kwenye kompyuta nyingi tunazotumia leo. Sheria ya lugha haijaifunga kwenye 4, na kuna mashine ambazo hutumia 2, lakini hapa tutahesabu 4.

Safu yetu ni ya mvua ya miezi 12, kwa milimita. Namba zake ni za mfano, ila umbo lake ni la pwani ya Tanzania: masika mazito ya Machi hadi Mei, ukavu wa katikati ya mwaka, kisha vuli.

```c
int mvua[12] = {70, 60, 135, 220, 160, 40,
                28, 26, 30, 65, 120, 110};
int *p = mvua;
int i;
```

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba 12 vilivyopangwa kwenye mstari mmoja, milango yote ikitazama uani. Kila chumba kina upana wa hatua 4. Januari anakaa chumba cha kwanza, Februari cha pili, na kuendelea hadi Desemba. Pointa `p` imesimama mlangoni kwa Januari.

Sasa umemtuma mtoto: "Nenda mlango unaofuata." Hatahesabu hatua moja ya mguu akasimama katikati ya ukuta wa Januari. Atatembea hatua 4 zote mpaka mlango wa Februari, kwa sababu ulichomtajia ni mlango. Hivyo ndivyo `p + 1` inavyosomwa katika C. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine, inajua kwamba `p` ni pointa ya `int`, kwa hiyo inazidisha ile 1 kwa 4 yenyewe kabla ya kujumlisha. Wewe unataja vipengele, nayo inatafuta baiti.

Tuseme Januari iko kwenye anwani 1000. Februari itakuwa 1004, Machi 1008, na Desemba, ambaye yuko vipengele 11 kutoka mwanzo, atakuwa 1044. Andika `p + 2` nawe utapata anwani 1008. Weka nyota mbele, `*(p + 2)`, nawe umefungua mlango na kusoma kilichomo: 135, mvua ya Machi. Nyota maana yake ni "nipe kilichopo kwenye anwani hii".

## Kwa nini lugha ilitengenezwa hivyo

Wengi huona desturi hii kuwa ni ukaidi wa lugha. Mimi naona ni mojawapo ya maamuzi yake mazuri, na chanzo chake kinaeleweka.

Kabla ya C kulikuwa na lugha iliyoitwa B, iliyotengenezwa na Ken Thompson katika maabara za Bell nchini Marekani. B haikuwa na aina mbalimbali za data. Kila kitu kilikuwa neno moja la mashine, na mashine yake ya mwanzo, PDP-7, ilihesabu anwani kwa maneno, siyo kwa baiti. Kuongeza 1 kulikupeleka kwenye neno linalofuata, na hapakuwa na la kujadili. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, maabara ikahamia kwenye PDP-11, ambayo huhesabu anwani kwa baiti. Pointa za B zikaendelea kuhesabu maneno, hivyo kila zilipotumika programu ililazimika kusimama na kugeuza hesabu ya maneno kuwa hesabu ya baiti. Hilo lilikula muda wa mashine kila mara.

Dennis Ritchie, alipokuwa akiigeuza B kuwa C, aliipa lugha aina: `int`, `char` na nyinginezo. Pointa ikajulikana ni ya aina gani, ikaweza kubeba anwani halisi ya baiti, na kompaila ikajua mapema izidishe kwa ngapi pale unapoongeza 1. Mwandishi wa programu akabaki na desturi ile ile ya kuhesabu vipengele. Kwa hiyo ukimwona `p` akiruka 4, ujue ni aina yake inayofanya kazi, wala hakuna hitilafu.

## Machi iliyopata mvua ya Septemba

Tuje kwenye kosa lenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi huumia bila kujua.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameshaelewa vizuri kwamba `int` ina baiti 4. Alielewa mno, kama nitakavyoeleza. Alitaka kuchapisha miezi mitatu ya kwanza ya safu kama hii yetu, akaandika:

```c
for (i = 0; i < 3; i++)
    printf("%d\n", *(p + i * sizeof(int)));
```

`sizeof(int)` ni njia ya kuuliza `int` ina baiti ngapi, na jibu ni 4. Kompaila haikusema neno. Programu ikakimbia bila kukwama, ikatoa namba tatu: 70, 160, 30. Akafurahi, akanionyesha. Mimi nilikuwa natazama mabano na nukta mkato, sikuona kitu. Aliyeona ni mwenzake wa meza ya pili, kijana aliyekulia Mkuranga kwenye mashamba ya mihogo. Aliinama kwenye skrini akasema, "Kaka, Machi gani hiyo? Milimita 30? Hiyo mvua ya Septemba hiyo."

Na kweli ilikuwa ya Septemba. Tuhesabu pamoja. Kwa `i` sawa na 0, hesabu ni `p + 0`, Januari, 70. Sahihi. Kwa `i` sawa na 1, mwanafunzi amezidisha na kupata 4, hivyo ameandika `p + 4`. Alidhani anasema baiti 4. Kompaila imesikia vipengele 4, ikazidisha tena kwa 4, ikatembea baiti 16, ikasimama 1016. Huyo ni Mei, 160. Kwa `i` sawa na 2, ameandika `p + 8`, kompaila ikatembea baiti 32 hadi 1032. Ni Septemba, 30.

Amezidisha yeye, na kompaila nayo imezidisha. Yule mtoto alitakiwa aende milango 2 mbele, lakini aliyemtuma akamwambia "milango 8" kwa kuwa alishageuza milango kuwa hatua kichwani mwake.

Tazama jinsi kosa hili linavyojificha. Kipengele cha kwanza hutoka sawa daima, kwa sababu sifuri ukiizidisha mara ngapi inabaki sifuri. Vinavyofuata ni namba halali kutoka safu ile ile, hazina sura ya takataka. Kama kitanzi kingeendelea hadi Aprili, hesabu ingekuwa `p + 12`, nje kabisa ya nyumba, na huko pengine ingetoka namba ya ajabu ya kumshtua. Yeye aliishia Machi. Kilichomwokoa ni mtu anayejua mvua.

Nimejiuliza sana kosa hili linatoka wapi, na naamini linatoka sehemu moja hasa. Mwanafunzi huwa amekutana kwanza na `malloc`, agizo la kuomba kumbukumbu, na pale hufundishwa kuandika `malloc(12 * sizeof(int))`. Pale kuzidisha ni lazima, kwa kuwa `malloc` haijui utaweka nini na huhesabu baiti tu. Akitoka hapo huibeba desturi ile hadi kwenye pointa, ambako kazi hiyo imeshafanywa. Namshauri kila mmoja abandike orodha hii fupi karibu na meza yake:

- Unahesabu baiti, na kuzidisha ni juu yako: `malloc`, `memcpy`, `memset`.
- Unahesabu vipengele, usizidishe: `p + n`, `p - n`, `p++`, `p[n]`, na tofauti ya pointa mbili.

Hilo la mwisho linafaa kusemwa kwa ukamilifu. Ukitoa pointa ya Machi kwenye pointa ya Septemba, `&mvua[8] - &mvua[2]`, jibu ni 6. Anwani zimetofautiana kwa 24, lakini kompaila imegawa kwa 4 kabla ya kukujibu. Umeuliza ni milango mingapi, umejibiwa kwa milango.

## Jinsi ya kujionea mwenyewe

Usiniamini kwa maneno. Chapisha anwani:

```c
for (i = 0; i < 5; i++)
    printf("%p %d\n", (void *)(p + i), *(p + i));
```

Kwenye kompyuta yangu hutoka kitu kama hiki:

```
0x7ffe5b3a2c10 70
0x7ffe5b3a2c14 60
0x7ffe5b3a2c18 135
0x7ffe5b3a2c1c 220
0x7ffe5b3a2c20 160
```

Anwani za mwanzo zitakuwa tofauti kwako, na huenda zikabadilika kila ukiiendesha programu. Kinachobaki ni mwendo wa 4. Wanaoanza hukwama kwenye mstari wa nne na wa tano: kutoka `1c` hadi `20` pengo ni ngapi? Anwani zimeandikwa kwa msingi wa 16, ambapo baada ya 9 huja `a`, `b`, `c`, `d`, `e`, `f`, ndipo tarakimu ya kushoto inapanda. Kutoka `1c` hesabu: `1d`, `1e`, `1f`, `20`. Hatua nne.

Ipo pia zana nzuri ya ukaguzi. Ukitumia gcc au clang, tafsiri programu yako kwa `-fsanitize=address`. Hapo kompaila huweka walinzi pembeni mwa safu, na ukisoma `p + 12` programu inasimama papo hapo na kuandika `stack-buffer-overflow`, maana yake umevuka ukingo wa safu. Naitumia kila siku. Lakini elewa mpaka wake: mlinzi huyu anasimama getini tu. Ukisoma Septemba badala ya Machi hatanyanyuka, kwa sababu bado uko ndani ya nyumba. Kosa la yule mwanafunzi lingempita bila salamu. Dawa yake ni kuchapisha namba ya nafasi sambamba na thamani, na kuwa na safu ya majaribio ambayo majibu yake unayajua kabla.

## Mlango na nyumba

Sasa tuje kwenye hesabu inayowashangaza hata waliozoea. Linganisha hizi mbili:

```c
mvua + 1
&mvua + 1
```

Chapisha `mvua` na `&mvua` bila kuongeza kitu, nawe utaona anwani ile ile, 1000. Mtu huona zimefanana, akahitimisha kuwa ni kitu kimoja. Kisha anaongeza 1 kwenye kila moja: ya kwanza inampa 1004, ya pili inampa 1048.

Siri iko kwenye aina. Jina `mvua` likiingia kwenye hesabu hugeuka kuwa pointa ya kipengele cha kwanza, yaani pointa ya `int`. Amesimama mlangoni kwa Januari, na "kinachofuata" kwake ni mlango wa Februari. Alama `&` nayo inasema "anwani ya", kwa hiyo `&mvua` ni anwani ya safu nzima. Aina yake ni pointa ya safu ya `int` 12. Amesimama pale pale, kwenye kona ile ile, lakini anachokionyesha kidole ni nyumba. "Kinachofuata" kwake ni nyumba ya pili, na nyumba yetu ina upana wa baiti 48.

Ndiyo maana swali hili hupendwa sana kwenye mitihani na usaili wa kazi:

```c
int *q = (int *)(&mvua + 1);
printf("%d\n", *(q - 1));
```

Tulifuate taratibu. `&mvua + 1` inatupeleka 1048, baada tu ya ukuta wa Desemba. Maandishi `(int *)` yanabadili aina: kuanzia hapo `q` ni pointa ya `int` ya kawaida, mwendo wake ni baiti 4. `q - 1` inarudi hadi 1044. Jibu ni 110, Desemba. Anayejibu 70 au 60 amesahau kwamba kila ongezeko hupimwa kwa aina iliyopo wakati huo, siyo kwa mahali iliposimama.

Kuna tahadhari moja. Ukiipeleka safu kwenye fanksheni iliyoandikwa `void chapisha(int m[12])`, yale mabano yenye 12 yanadanganya macho. Ndani ya fanksheni `m` ni pointa tu, siyo safu. Hivyo `m + 1` bado inakufikisha Februari, lakini `&m + 1` inapima upana wa pointa yenyewe, ambao kwenye kompyuta nyingi za leo ni baiti 8, tena kuanzia mahali `m` ilipohifadhiwa. Haina uhusiano tena na nyumba ya miezi.

Kwa ufupi, kabla ya kuongeza au kutoa chochote, jiulize kilicho kushoto kwa alama ya kujumlisha ni pointa ya nini. Upana wa kitu hicho ndio hatua yako.

## Nyota na mabano

Hapa nitapita haraka, maana ni suala la kusoma kwa makini tu. `*(p + 2)` huenda Machi kisha hufungua mlango: 135. `*p + 2` hufungua mlango wa Januari kwanza, hupata 70, kisha hujumlisha 2: 72. Nyota hushika kwa nguvu kuliko alama ya kujumlisha, na mabano ndiyo yanayoizuia.

`*p++` husoma Januari kisha humhamisha `p` hadi Februari. `(*p)++` haimhamishi `p` popote, ila inaongeza milimita moja kwenye mvua ya Januari, ikawa 71. Ya pili ikiingia kimakosa ndani ya kitanzi, `p` atabaki Januari mpaka mwisho huku thamani yake ikipanda mzunguko baada ya mzunguko. Dalili ni hiyo: namba zinazofuatana 70, 71, 72, 73. Ukiziona, tafuta mabano.

Na `p[2]` ni njia fupi tu ya kuandika `*(p + 2)`. Kompaila inazichukulia sawa.

## Mpaka wa nyumba

Umeona mara kadhaa nikitaja anwani 1048, baada tu ya Desemba. Sheria ya C inaipa nafasi hiyo ruhusa ya pekee. Unaweza kuihesabu, `mvua + 12`, na unaweza kuilinganisha na nyingine. Huwezi kuisoma. Ruhusa hiyo ipo ili kitanzi hiki kiwe halali:

```c
for (p = mvua; p < mvua + 12; p++)
    printf("%d\n", *p);
```

`p` anapomaliza Desemba huongezwa mara moja zaidi, anasimama 1048, analinganishwa, na kitanzi kinaisha bila kufungua mlango usiokuwepo.

Ruhusa hii haipo upande wa pili. Hakuna nafasi halali kabla ya Januari. `mvua - 1` ni kosa hata kama hujaisoma, vivyo hivyo `mvua + 13`. Kwa makosa ya namna hii lugha haitoi ahadi yoyote: programu inaweza kwenda vizuri leo, ikaharibika siku utakapobadili kompaila. Kwa hiyo kitanzi hiki cha kurudi nyuma, ambacho nimekiona kwenye daftari nyingi, kina kasoro ingawa mara nyingi hutoa majibu sahihi:

```c
for (p = mvua + 11; p >= mvua; p--)
    printf("%d\n", *p);
```

Baada ya kuchapisha Januari, `p--` humtoa `p` nje ya nyumba kwa upande wa mbele, ndipo analinganishwa. Tayari amekanyaga pasiporuhusiwa. Njia salama ni kuanzia kwenye ile nafasi yenye ruhusa, na kurudi hatua moja kabla ya kusoma:

```c
p = mvua + 12;
while (p > mvua) {
    p--;
    printf("%d\n", *p);
}
```

Namba ya kwanza kutoka ni 110. Ya mwisho ni 70, na `p` akiwa amesimama mlangoni kwa Januari, kitanzi kinaisha.